Siku Moja, Waigizaji Wawili, Mikao Kumi na Minane

Mswada una kurasa sita. Hamadi anafika asubuhi kwenye nyumba ya marehemu mama yake, Ngamiani, Tanga, kuchukua cherehani ya mama. Dada yake Zuhura, aliyebaki kumuuguza mama hadi mwisho, hataki iondoke. Wanabishana, wanakunywa chai, wanafungua droo ya cherehani na kukuta gauni la mtoto lililoshonwa nusu. Jioni Hamadi anaondoka mikono mitupu. Basi. Hakuna mtu wa tatu, hakuna gari, hakuna mvua. Anayeusoma mswada kama huu hufikiri kwamba filamu hii inaweza kupigwa kwa siku moja bila jasho.

Hadithi hii imetungwa kwa ajili ya makala haya, ila shida zake ni zile zile zinazowakuta vijana wanaoazima kamera kwa saa 24, wanakusanya rafiki wanne au watano, kisha jioni wanajikuta na nusu ya filamu. Mara nyingi mwongozaji alikuwa na mswada mzuri na waigizaji hodari. Alichokosa ni hesabu ya siku yake, na hesabu hiyo huanzia kwenye karatasi mbili: orodha ya shoti na ratiba.

Wengi huanza kwa kuhesabu kurasa. Kwa desturi ya kazi hii, ukurasa mmoja wa mswada ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida hutoa karibu dakika moja ya filamu, na kila ukurasa hugawanywa katika sehemu nane ili hata onyesho la mistari michache lipate kipimo chake. Mswada wa Hamadi na Zuhura una maonyesho matano. Kufika barazani ni nusu ukurasa. Ubishi wa sebuleni ni kurasa tatu na robo. Zuhura akiwa peke yake jikoni ni robo tatu ya ukurasa, droo na gauni ni ukurasa mmoja, na kuondoka ni nusu. Jumla ni sita, na filamu itakuwa ya dakika sita hivi.

Kipimo hicho kinaeleza urefu wa filamu, hakielezi urefu wa kazi. Ukurasa mmoja wa watu wawili waliokaa unaweza kupigwa kwa saa moja, na mstari mmoja unaosema "Hamadi anafika" unaweza kula asubuhi nzima kama mwongozaji anataka kumwona akishuka kwenye bodaboda, akipita uchochoroni, akisimama, akibisha. Kinachokula muda ni mkao wa kamera. Kila mara stendi inaponyanyuliwa na kutuliwa mahali pengine, taa zinahama, maikrofoni inahama, kikombe kilichoonekana sasa hakionekani, na mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia sasa yuko katikati ya picha. Huo ni mkao mpya. Shoti ni kipande cha picha kitakachoonekana kwenye filamu. Mkao ni kazi ya mikono inayofanyika kabla shoti haijapigwa. Mkao mmoja ukipangwa vizuri unaweza kutoa shoti mbili au tatu, na hapo ndipo siku inapookolewa.

Kwa kikosi cha watu watano au sita chenye taa mbili, nusu saa kwa kila mkao wa ndani ni makadirio ya haki. Dakika 12 huenda kwenye kamera na mwanga, 5 kwenye mazoezi ya mwisho, 10 kwenye kupiga mara tatu, na zinazobaki ni za kutazama kama picha imekuwa kali na sauti imeingia. Kati ya saa 12 za siku, ondoa kupakua vyombo, chakula cha mchana, kuhama na kufungasha. Kamera inabakiwa na saa 9 hivi, yaani mikao 18.

Orodha ya kwanza ya filamu hii ilikuwa na shoti 36 kwenye mikao 31.

Hapo mwongozaji ana njia mbili. Anaweza kujipa moyo kwamba watu watakimbia, au anaweza kukaa na mpiga picha wake wiki moja kabla na kupunguza mikao 13 kwa kalamu. Kupunguza kwenye karatasi kunauma kidogo. Kupunguza saa 11 jioni, jua likikimbia na mwigizaji akiuliza kama ile sehemu ya kulia itapigwa au la, kunaiumiza filamu yenyewe, kwa sababu wakati huo hupunguzwi kisichohitajika, hupunguzwa kilichobaki.

Tuutazame upunguzaji wenyewe. Kufika kwa Hamadi kulikuwa na mikao 6, ikabaki 3: picha pana ya mtaa akija kwa miguu, picha ya mlangoni akibisha na Zuhura akifungua, na uso wa Zuhura anapomtambua kaka yake. Bodaboda imefutwa. Jikoni palikuwa na mikao 5, ikabaki 2, kwa sababu Zuhura anaweza kupuliza moto, kusogea, kuchukua vikombe na kusimama ghafla akisikiliza sebuleni, yote hayo kamera ikiwa imesimama pale pale mlangoni. Mwigizaji akisogea ndani ya picha, kamera haina haja ya kumfuata kwa mkao mwingine. Kuondoka kulikuwa na 4, ikabaki 2. Ndani ya sebule mikao 16 ikawa 11, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitokana na kugundua kwamba onyesho la ubishi na onyesho la droo yanatokea kwenye viti vile vile, siku ile ile ya hadithi, kwa nguo zile zile. Picha pana ya ubishi inapokwisha, stendi haiguswi. Vikombe vinaondolewa, droo inafunguliwa, na picha pana ya droo inapigwa papo hapo. Mwishowe filamu ikabaki na shoti 23 kwenye mikao 18.

Sasa swali la ratiba: mikao hiyo 18 ipigwe kwa mpangilio gani? Jibu la haraka ni kufuata hadithi, na ndilo jibu ghali kuliko yote.

Sidney Lumet, mwongozaji wa Marekani, alipotengeneza 12 Angry Men, filamu iliyotoka mwaka 1957, alikuwa na wanaume kumi na wawili ndani ya chumba kimoja karibu filamu nzima. Angefuata hadithi, taa zingehama kila anayezungumza anapojibiwa. Badala yake yeye na mpiga picha Boris Kaufman waliwasha taa kwa upande mmoja wa chumba, wakapiga kila kitu kinachotazama upande huo, kisha wakageuka. Ikatokea watu wawili wanaobishana mezani, upande wa mmoja ukapigwa leo na majibu ya mwenzake yakapigwa siku kadhaa baadaye. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa waigizaji walikuwa wamefanya mazoezi kwa wiki mbili kabla kamera haijawashwa, hivyo kila mtu alijua hasira yake imefika kiwango gani kwenye kila mstari.

Sebule ya Tanga inaweza kufuata kanuni hiyo hiyo. Nyumba inatazama mashariki. Cherehani iko chini ya dirisha la barabarani, na Zuhura anakaa kwenye cherehani akiwa amelipa mgongo dirisha. Hamadi yuko kwenye kochi, ukutani mkabala naye, uso ukielekea dirishani. Kwa hiyo chumba kina pande mbili tu za kamera: ukimpiga Hamadi, kamera inaacha dirisha nyuma yake, ukimpiga Zuhura, dirisha linaingia kwenye picha.

Asubuhi jua linagonga dirisha hilo moja kwa moja. Ukielekeza kamera kwa Zuhura wakati huo, pazia nyuma yake linawaka jeupe na uso wake unakuwa kivuli. Lakini mwanga huo huo unaomharibia Zuhura unamfaa sana Hamadi, maana unamwangukia usoni. Alasiri jua limehamia nyuma ya nyumba, halipigi tena pazia, na dirisha linakuwa tulivu kiasi kwamba taa moja ndogo inatosha kuuinua uso wa Zuhura. Ratiba imejiandika yenyewe: Hamadi asubuhi, Zuhura alasiri, hata kama mswada unawajibizana mstari kwa mstari.

Kuna mtego mmoja hapa. Jua la asubuhi likiingia chumbani huchora kipande cha mwanga sakafuni, na kipande hicho hutembea. Kwa saa tatu na nusu za kumpiga Hamadi, kitatoka kwenye mguu wa kochi na kuishia mbali kabisa, na mhariri akiunganisha shoti ya saa 3 na ya saa 6 atakuta mwanga unarukaruka katikati ya sentensi moja. Dawa yake ni shuka jeupe. Likitandazwa nje ya dirisha, kwenye fremu ya mbao au kamba mbili, jua linagonga shuka na chumba kinapata mwanga laini usio na mipaka. Ungali utapungua au kuongezeka kidogo, lakini hautaonekana ukitembea.

Haya hayajulikani kwa kuitazama nyumba mara moja. Mwongozaji na mpiga picha hukaa ndani ya chumba hicho siku chache kabla, kuanzia asubuhi hadi jioni, wakipiga picha kwa simu kila saa. Siku hiyo hiyo husikiliza. Karakana ya kuchomelea vyuma ya jirani inaanza saa ngapi? Watoto wa shule wanapita lini? Adhana ya msikiti wa karibu inasikika kiasi gani? Adhana haina kosa lolote kwenye filamu ya Tanga. Kosa ni ikianza katikati ya sentensi ya Hamadi na kukosekana kwenye jibu la Zuhura lililopigwa saa nne baadaye. Mwezi Julai adhuhuri huko huingia baada ya saa 6 na nusu mchana, na alasiri huingia karibu saa 10 kasoro dakika 10. Ya kwanza inapangiwa chakula cha mchana, ya pili inapangiwa mapumziko ya dakika 10. Watu wa kikosi wanaotaka kuswali nao wanapata nafasi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ratiba ya siku basi inakuwa hivi. Kikosi kinafika saa 12 na nusu asubuhi, wakati jua linachomoza, na chai iwe tayari, kwani watu waliofika gizani bila chai hupanga vyombo polepole. Saa 1 na robo kamera inafanya kazi barazani, jua likiwa bado chini na mtaa haujachangamka. Mikao mitatu ya nje haihitaji taa, kwa hiyo dakika 25 kwa kila mmoja zinatosha, na saa 2 na nusu vyombo vinaingia ndani. Kuanzia saa 3 hadi saa 6 na nusu ni Hamadi: mikao saba. Baada ya chakula, saa 7 na nusu, kikosi kinakwenda jikoni kwa mikao miwili ya Zuhura peke yake. Hamadi anapumzika saa hiyo, na Zuhura, ambaye asubuhi nzima amekuwa bega na sauti tu kwenye picha za mwenzake, anapata kuanza upande wake taratibu kwa kazi isiyo na maneno mengi. Saa 8 na dakika 40 wanarudi sebuleni, sasa kamera ikitazama dirisha, kwa mikao minne. Saa 11 na robo wanatoka barazani kwa kuondoka kwa Hamadi. Mbele ya nyumba pameshakuwa kivulini, na macho ya mtazamaji yatasoma jioni bila kuambiwa. Saa 12 na dakika 5 kamera inazimwa, kukiwa na kama dakika 20 za akiba kabla jua halijazama.

Akiba hiyo ya mwisho ni ndogo, na haifai kutegemewa. Kipimo halisi kiko kwenye chakula cha mchana. Ifikapo saa 6 na nusu mikao 10 iwe imekwisha. Ikiwa imekwisha 8, mwongozaji na msaidizi wake wanakaa pembeni na sahani zao na kuamua pale pale mikao miwili ipi ya alasiri ianguke. Uamuzi unakuwa mwepesi kama orodha ilishawekewa alama tangu nyumbani: shoti ambazo bila hizo hadithi haieleweki zina nyota, nyingine hazina. Katika filamu hii uso wa Zuhura anapoliona gauni una nyota. Picha ya mikono ikivuta droo haina, na ikilazimu inaweza kupigwa wiki ijayo kwa mkono wa mtu yeyote mwenye umbo la mkono kama lake na mkono wa nguo kama yake.

Vijana wengi wakibanwa na muda huzifuta kwanza picha za mtu anayesikiliza, kwa hoja kwamba hasemi kitu. Hili ni kosa linaloonekana baadaye kwenye meza ya uhariri. Onyesho la watu wawili huishi kwa sura ya anayesikiliza, na isitoshe, picha hiyo ndiyo pekee inayomwezesha mhariri kukata sentensi tatu zisizo na kazi bila mtazamaji kugundua.

Ubishi wa kurasa tatu na robo una tatizo lake pia. Ukiupiga wote kwa mkupuo, kila safari ni zaidi ya dakika tatu. Mara tatu pamoja na kujipanga upya ni robo saa, na mwigizaji akikosea mwishoni anarudi mwanzo. Kwa hiyo unakatwa mahali ambapo mwili unabadilika. Katikati ya ubishi Zuhura anasimama. Hapo ndipo nusu ya kwanza inaishia na ya pili inaanza, na kila upande wa kamera unafuata mgawanyo huo huo ili vipande vikutane. Picha pana peke yake ndiyo inayochukua onyesho zima bila kukatwa, tena inapigwa kwanza, kwa sababu inawapa waigizaji nafasi ya kulipitia onyesho lote kwa mpangilio wake kabla halijakatwakatwa.

Mazoezi ya filamu hii hayahitaji wiki mbili. Alasiri mbili ndani ya sebule yenyewe zinatosha, na vipande vya tepu vibandikwe sakafuni mahali pa kila mguu. Saa ya mkononi ipime kila onyesho likichezwa, maana waigizaji wa ukimya mwingi wanaweza kuifanya robo tatu ya ukurasa kuwa dakika mbili, na ratiba inapaswa kulijua hilo mapema.

Kwenye mazoezi hayo pia huchorwa mstari. Vuta uzi wa kuwaza kutoka macho ya Zuhura hadi macho ya Hamadi, kisha chagua upande mmoja wa uzi na kamera isivuke. Kwenye sebule hii upande unaochaguliwa ni wa kusini, ulipo mlango wa jikoni. Kamera ikikaa huko siku nzima, Hamadi atatazama kulia kwenye kioo na Zuhura atatazama kushoto, na hata kama walipigwa kwa saa tofauti wataonekana wanatazamana. Kamera ikivuka uzi alasiri, wote wawili watatazama upande mmoja kama abiria wa daladala. Kwa kuwa pande mbili zinapigwa mbali kwa muda, hakuna atakayegundua kosa hilo siku hiyo. Ndiyo maana upande unaandikwa kwenye orodha, kando ya kila shoti: namba ya onyesho, nani yuko kwenye picha, picha ni pana au ya karibu, kamera iko wapi, anatazama upande gani, kuna maneno au hakuna.

Mtu mmoja apewe kazi ya mwendelezo na asipewe nyingine. Yeye ndiye atakayekumbuka kwamba Hamadi alishika kikombe kwa mkono wa kulia aliposema neno "mama", kwamba chai ilikuwa nusu, na kwamba kifungo cha juu cha shati kilikuwa wazi. Simu yenye picha ya mwisho wa kila mkao inamtosha. Asipokuwepo, alasiri Zuhura atamwekea kaka yake chai kwenye kikombe ambacho asubuhi kilishakwisha.

Yapo ya kumaliza kabla ya tarehe: kibali cha Bodi ya Filamu, taarifa kwa serikali ya mtaa, na mazungumzo ya adabu na fundi wa karakana, ambaye kwa kawaida hakubali kufunga kazi siku nzima ila anaweza kukubali kupaka rangi asubuhi na kuchomelea wakati wa chakula cha kikosi. Kadi za kamera zinakiliwa kwenye diski mbili mchana, si usiku, ili upotevu ukitokea bado kuwe na mwanga wa kurudia.

Kabla ya kutoka sebuleni saa 11 kasoro dakika 10, kila mtu anasimama alipo, kimya, kwa dakika moja, na fundi sauti anarekodi chumba kitupu. Kila chumba kina mvumo wake, na bila kipande hicho mhariri hana cha kuziba nafasi kati ya maneno yaliyopigwa asubuhi na majibu yaliyopigwa alasiri. Jokofu la mwenye nyumba limezimwa tangu saa 3 kwa ajili ya sauti, na humo ndani, juu ya samaki wake, meneja wa kikosi ameweka ufunguo wa gari la vyombo. Hawezi kuondoka bila kuufuata, na akiufuata atakumbuka kuliwasha.